Miezi Yako 180 Iko Wapi?

Katika kambi zetu za migodi mutu akifika miaka 50 anaanza kusema: "Miaka imebakia kidogo, nitakula pansioni." Lakini pansioni haiji yenyewe kwa sababu mvi imeota. Sheria ya mwaka 2016 inaomba mambo mawili: uwe na miaka 60, mwanaume ao mwanamuke, tena uwe na miezi 180 iliyolipiwa ku CNSS, ile zamani tulikuwa tunaita INSS. Miezi 180 ni miaka 15. Wengi wanafanya kazi zaidi ya miaka 15, lakini miezi iliyoandikwa ni mingine na miezi iliyotumikwa.

Yaya wangu ni sudere huko Likasi. Mu mwaka 2025 alikuwa na miaka 54, na kontra yake ilibakiza miezi 24 tu. Zamani alikuwa anajichimbia. Kazi ya mushahara aliianza mu 2007. Alitumikia sosiete moja ndogo ya kusaidia migodi miaka 7, kisha akaingia mu ingine tangu Januari 2015. Kwa hesabu yake hakukuwa shida.

Mulamu wangu ndiye alimusukuma aende CNSS kuomba wamuonyeshe miezi yake. (Kwa mambo ya karatasi, wamama wanatushinda.) Wakamuonyesha 127: ni ile ya sosiete ya sasa peke yake. Ongeza 24 ya kontra, inakuwa 151. Haifike 180. Mutu wa namna ile hapewi pansioni ya kila wakati. Anapewa feza mara moja, basi imeisha.

Miezi 84 ya sosiete ya kwanza ilienda wapi? Yaya alikuwa anachunga fishi zake zote za mushahara mu sanduku, na kila moja ilionyesha wamemukata 3,5 kwa mia ya pansioni. Walipotafuta muzuri, miezi 36 ikaonekana chini ya jina lingine. Diplome yake ilitoka wakati wa Zaïre, wakati jina la ubatizo lilikatazwa tangu 1972, na sosiete ile ilimuandika vile diplome inasema. Karte yake ya sasa iko na jina la ubatizo. Kwa mashine, wale ni watu wawili! Alileta karatasi ya serikali ya kuhakikisha kwamba ni mutu mumoja, wakaunganisha. 127 na 36 ni 163. Na 24 ya kontra ni 187. Akipona.

Ile 48 ingine, sosiete ilikata feza lakini haikupeleka. Yaya ameweka kopi za fishi ku CNSS na kwa inspektere wa kazi. Hawajamujibu. Kwa hii angalia mapema, wakati ofisi ya mwajiri ingali wazi na shefu wa personeli angali anakujua. Sosiete ikifungwa, fishi yako na karatasi ya kumaliza kazi ndiyo mashahidi umebakia nayo.

Tusahau basi madeni? Hapana, kwa sababu madeni ndiyo inakula feza ya mwisho. Yaya alikuwa na deni ya Banki Lamberi: dola 200, faida 30 kwa mia kila mwezi. Kwa miezi 8 alilipa dola 60, jumla 480, na deni ilibakia 200 ile ile, kwani alikuwa analipa faida tu. Zamu yake ya likelemba ilipofika, alikamata dola 100 akapunguza deni yenyewe. Sasa faida ikawa 30. Akaendelea kutoa 60 kama zamani: deni ikashuka 70, kisha 31, na mwezi wa tatu alimaliza na dola 40 hivi. Deni ya butike, isiyozaa faida, ilingoja. Watoto walinung'unika juu ya viatu vya Noeli, ni kweli.

Inabakia siku zenyewe. Nimeona wazee wa poste ya asubuhi: wanaamka saa kumi ya usiku, wanavaa, kisha wanakaa pa mulango kutazama bisi ya wengine, na saa mbili wanaanza kuamuru bibi zao namna ya kupika. Yaya hakungoja. Siku zake za kupumuzika anafundisha vijana watatu wa paroisse kusudere, ile siku kuran iko. Kuran ikikosa, wanachora na kupima vyuma, ao wanaingia mu bustani ya lengalenga nyuma ya nyumba. Siku ya tatu ya juma ni ya kutembelea wagonjwa pamoja na mulamu. Jikoni haingii na maneno. Walipatana hivyo mbele ya kontra kuisha, na mulamu aliomba waandike.