Kumkaribisha Mgeni Katika Kundi la Simu



Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani mjini Tanga, na umri wangu umekwisha pita miaka hamsini. Wazee wa watoto wetu walipoomba tuwe na kundi la WhatsApp, ili habari za masomo, ada na mazishi ziwafikie wote kwa wakati mmoja, niliridhia, na mimi nikafanywa msimamizi. Kila alipoingia mgeni nilimwandikia maneno haya: "Karibu sana. Hapa ni kwenu. Ukiwa na swali lolote muulize mwanachama yeyote, atakusaidia." Niliyaona ni maneno ya ukarimu, wala sikujua kuwa ndani yake mna mlango niliouacha wazi.

Katika Mfungo Sita wa mwaka 2023 aliingia kundini bibi mmoja anayelea wajukuu wawili wanaosoma kwangu. Simu alikuwa kanunuliwa na mwanawe wiki ile ile. Msahafu ausoma vizuri kabisa, lakini maandishi ya Kizungu huyasoma polepole, herufi kwa herufi. Aliandika kundini kwamba sauti zilizorekodiwa hazimfungukii. Kabla sijamjibu, mtu mmoja alimwandikia faraghani, akasema: "Shikamoo bibi. Mimi ndiye msaidizi wa wageni wa kundi. Utapata ujumbe wenye tarakimu sita, nitumie nikutengenezee." Bibi akakumbuka maneno yangu, ya kuwa mwanachama yeyote atamsaidia, akazituma.

Basi yafaa tuelewe tarakimu zile ni kitu gani. Mtu akitaka kuitumia namba yako ya WhatsApp katika simu nyingine, WhatsApp hutuma tarakimu sita kwenye namba hiyo, ili ihakikishe kuwa anayeitaka ndiye mwenyewe. Mwenye kuzijua ndiye mwenye ufunguo. Yule mtu alikuwa ameiandika namba ya bibi katika simu yake, na bibi akampa ufunguo kwa mkono wake. Papo hapo simu ya bibi ikatoa tangazo kwamba namba ile haitumiki tena katika simu hiyo. Naye akadhani ndiyo matengenezo yenyewe. Saa mbili baadaye watu wa kundi wakaona jina la bibi likiomba shilingi elfu hamsini za dawa. Wawili walituma. Wa tatu alishangaa kuona namba ya kupokelea fedha si ya bibi, akanipigia simu. Hiyo ndiyo dalili ambayo kila mmoja wetu angeweza kuiona.

Nilikwenda nyumbani kwake pamoja na kijana wangu mmoja. Tuliifungua WhatsApp upya katika simu ya bibi, tukaandika namba yake, zikaja tarakimu nyingine sita, tukaziandika, na mwizi akatolewa pale pale. Tulibahatika, kwa kuwa hakuwahi kuweka namba ya siri ya pili. Lau angaliiweka, ingalitupasa kungoja siku saba ndipo bibi airudie namba yake. Hiyo namba ya siri ya pili tukamwekea sisi, ili siku nyingine tarakimu sita peke yake zisimtoshe mwizi. Fedha za wale wawili hazikurudi. Bibi alilia, akasema, "Mwalimu, mimi nilifuata mlivyoniambia." Neno hilo lilinichoma, kwani lilikuwa kweli.

Nilipochunguza nilikuta makosa mawili, na yote mawili ni yangu. La kwanza, kiungo cha kuingilia kundini nilikiacha kimpokee kila anayekibonyeza, na mzazi mmoja, kwa nia njema, alikuwa amekipeleka katika kundi la harusi. Nikakifuta kile, nikatoa kipya, nikaweka sharti kwamba hakuna aingiaye mpaka msimamizi akubali. La pili ni lile neno "mwanachama yeyote". Mgeni hawajui watu. Mbele yake kila namba ni sawa na nyingine. Ukimwambia amwulize yeyote, umempa kila mtu kilemba cha usaidizi, hata mwizi.

Kwa hiyo nikaandika ujumbe mwingine, na kundi likaukubali. Wasema hivi:

"Assalaam alaykum. Karibu katika kundi la wazazi wa chuo chetu. Mimi ni mwalimu wa watoto, na ndimi msimamizi. Tafadhali tuandikie jina lako na jina la mtoto wako, basi. Ukikwama katika jambo la simu, wasaidizi ni wawili tu: mimi kwa wanaume, na mwalimu wa kike kwa wanawake, majina yetu na namba zetu zimo hapa chini. Hatutakuomba kamwe tarakimu zinazokujia katika simu yako, wala fedha kwa faragha. Mwenye kukuomba hayo, hata akitumia jina langu, usimjibu; nipigie usikie sauti yangu. Jua pia kwamba namba yako inaonekana na wote waliomo humu."

Ujumbe huu hauelezi kila kitu, nao hautakiwi kueleza. Mgeni hutakiwa kufanya jambo moja tu siku ya kwanza, yaani kujitaja, na kujua majina mawili. Namna ya kunyamazisha kengele ya kundi usiku, au kuzuia picha zisijipakue zenyewe na kumaliza bando, humweleza msaidizi atakapouliza.

Likabaki tatizo moja. Kila nilipomkaribisha mgeni, watu sitini au sabini walijibu salamu mmoja mmoja, na ujumbe ukazikwa kabla hajausoma. Niliwakumbusha jambo tunalowafunza watoto: salamu ikitolewa kwa kundi la watu, kuijibu ni faradhi ya kifaya, akijibu mmoja, wengine imewaondokea. Mwenye kutaka thawabu zaidi na ajibu kwa ulimi wake pale alipo. Kisha maneno yale nikayaandika pia katika maelezo ya kundi, yale yanayoonekana ukibonyeza jina la kundi, kwani pale hayasukumwi na ujumbe mwingine. Kuyabandika juu ya mazungumzo nako kwafaa, lakini hudumu siku thelathini kwa wingi, kisha hubanduka.

Na kwa ajili ya watu mfano wa bibi yule, mwalimu wa kike huyasoma maneno yale kwa sauti katika muda wa dakika moja, akamtumia mgeni faraghani baada ya kumpigia kwanza na kujitambulisha. Asiyeweza kusoma upesi husikia, na sauti aliyokwisha kuisikia ataijua siku ya pili.

Mwezi uliopita bibi alinipigia simu jioni. Alisema ameandikiwa na mtu ajiitaye mwalimu wa chuo, anataka tarakimu. "Nimekupigia nisikie sauti yako," akasema. Nikamwambia, "Ndimi huyu, bibi, na sikutaka kitu." Akacheka, akakata simu. Wale wawili waliopoteza fedha zao nimekwisha kuwalipa nusu. Iliyobaki nailipa kidogo kidogo, kwa kuwa naona ni deni la maneno yangu.

Wabillahi tawfiq.