Nyuzi za Magunia ya Kendu Bay

Kwenye kioo cha ndani cha pikapu yake, pale ambapo madereva wengi hutundika tasbihi au bendera ndogo, mwanamume huyu wa Kendu Bay ametundika vitita vya nyuzi. Kuna nyekundu, kijani, manjano, buluu na moja nyeupe yenye mafundo mawili. Kila uzi ni wa mama mmoja anayeuza omena. Magunia yakishajazwa ufukoni, uzi wa mwenyewe hufungwa kwenye mdomo wa gunia, na jioni Kisumu hakuna anayegombana na mwenziwe kuhusu gunia la nani liko wapi.

Nyuzi hizo ana kumbukumbu nazo, maana hakuanza hivyo.

Alipokuwa mtoto, katika miaka ya 1980, mzigo wa Kendu Bay ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa gati. Meli za shirika la reli zilizozunguka Ghuba ya Winam zilitia nanga pale, na watu walipanda na magunia, kuku na vikapu hadi Kisumu. Njia ya pili ilikuwa barabara, ambayo mvua ikinyesha iligeuka tope jeusi linalonata kwenye magurudumu kama ugali. Kwa hiyo aliyekuwa na mzigo mkubwa alisubiri meli. Safari za meli zikapungua, kisha miaka ya 1990 gugumaji likaifunika ghuba hata mitumbwi ikawa haipiti. Gati likabaki la vijana kuogelea, na mwaka wa 2020, ziwa lilipofura kuliko watu walivyowahi kuliona, maji yakalifunika. Kufikia wakati huo lami ilikuwa imekwisha kufika, na mzigo wote ulikuwa umehamia barabarani.

Yeye aliingia kazini mwaka wa 2003 na Peugeot 504 iliyochakaa, aliyoinunua kwa akiba na mkopo wa shemeji yake. Wazo lake lilikuwa lile la kila mwenye pikapu: egesha sokoni, ukae kwenye kivuli, anayetaka kuhama au kubeba mchanga atakuja. Walikuja kweli. Leo kitanda na kabati, kesho hakuna, keshokutwa mchanga wa mtoni, halafu siku tatu za kupiga gumzo. Mchanga ndio uliomfundisha kwanza, na ulimfundisha kwa hasara. Unalipiwa papo hapo, lakini mchanga mbichi ni mzito kuliko unavyoonekana. Sanduku la pikapu likijaa nusu tu, tani moja imekwisha kupita. Alikuja kujua dalili: springi za nyuma zinalala sawa badala ya kupinda, taa za mbele zinamulika juu ya miti, na usukani unakuwa mwepesi ajabu kwa sababu magurudumu ya mbele hayashiki tena barabara. Aliziona dalili zote hizo na akaendelea kubeba. Springi zilivunjika mara mbili katika mwaka mmoja.

Omena ilimjia kwa njia ya mama mmoja jirani, aliyemwita nyathina, mwanangu, kama anavyomwita hadi leo. Alikuwa na magunia manne makavu ambayo hayakutoshea juu ya matatu ya kwenda Kisumu. Kukodi pikapu nzima hakuweza. "Nyathina," alimwambia, "ukingoja mwenye magunia ishirini, utangoja mpaka uzeeke. Tuko wengi wenye manne manne."

Sentensi hiyo ilibadilisha kazi yake yote. Mpaka siku ile alikuwa akiuza safari. Kuanzia hapo akauza nafasi, gunia kwa gunia, na akataja siku: Jumatatu na Alhamisi alfajiri anaondoka, uwe na gunia moja au kumi.

Ni vyema kuitazama hesabu yake kwa bei za karibuni, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo ambalo wenye pikapu wengi hawalioni. Kutoka Kendu Bay kupitia Katito na Ahero hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 70, na kwenda na kurudi, pamoja na kuzunguka mjini, anahesabu 150. Hilux yake ya sasa, ikiwa na mzigo, hula lita moja kwa kilomita 10, yaani lita 15. Kwa dizeli ya Sh170, hiyo ni Sh2,550. Msaidizi wake hupata Sh800, na ushuru wa soko na vidogo vidogo vya njiani humaliza Sh450. Jumla ni Sh3,800. Zamani mtu akimkodi kwa kiasi ambacho kwa bei hizi ni Sh5,000, alirudi nyumbani akiwa na Sh1,200 mfukoni na kuamini kwamba amepata.

Hakuwa amepata. Matairi manne yalikuwa yakiisha, oili ilikuwa ikingoja kubadilishwa kila kilomita 5,000, na nyuma yake zilifuata klachi, springi, breki na bima. Siku aliyokaa na daftari na kujumlisha risiti zote za mwaka, kisha akagawanya kwa kilomita alizoenda, alikuta gari linamla karibu Sh10 kwa kila kilomita, bila kuhesabu dizeli. Kwa kilomita 150 hiyo ni Sh1,500. Safari ile ya Sh5,000 ilikuwa ikimtia hasara ya Sh300 kila alipogeuza gari, na hasara hiyo haikuonekana kwa sababu tairi haliishi kwa siku moja.

Sasa anabeba magunia 25 kwa Sh160 kila moja. Hiyo ni Sh4,000. Omena kavu ni nyepesi, kwa hiyo vyuma vya pembeni vinajaa kabla ya springi kulemewa. Akishashusha kwenye soko la Kibuye, Kisumu, harudi mtupu. Wenye maduka wawili wa Kendu Bay na fundi mmoja wa ujenzi humpa orodha jana yake: katoni za sabuni na mafuta ya kupikia, unga, mifuko kumi ya saruji, pengine mabati. Kwa mzigo wa kurudi wanamlipa Sh3,000 kwa pamoja. Toa Sh3,800, toa zile Sh1,500 anazoziweka kwenye akaunti ambayo haiguswi, na anabaki na Sh1,700 ambazo ni zake kweli. Si pesa nyingi. Lakini ni mara mbili kwa wiki, na anazijua kabla hajawasha injini.

Kuna mambo mawili ambayo nusura yamwangushe.

La kwanza lilikuwa unyevu. Msimu mmoja wa mvua alipakia magunia ambayo mwenyewe aliapa yamekauka. Akayafunika kwa turubai, akalikaza kila upande. Walipofungua Kisumu, mvuke ulitoka kama wa chungu cha chai, na omena ilikuwa imebadilika rangi na harufu. Mnunuzi alikataa, na mama akamlaumu dereva. Tangu hapo hapakii gunia kabla hajaingiza mkono mpaka katikati. Kama ndani kuna joto kuliko nje, omena hiyo haijakauka, hata kama ya juu inavunjika kama majani. Gunia hilo linarudi kwenye nyavu za kuanikia likangoje safari ijayo. Turubai nalo hulikaza mbele na pembeni, lakini nyuma huacha upenyo wa hewa.

La pili lilimpata mwenzake, naye akajifunza kwa kuangalia. Pikapu ya mwenzake ilipinduka ikiwa na mzigo wa watu, na kampuni ya bima ikakataa kulipa. Karatasi ilisema gari limekatiwa bima ya kubeba mizigo ya mwenyewe, si mizigo ya watu kwa malipo. Tofauti ya ada kwa mwaka haikuwa kubwa, lakini tofauti ya siku ile ilikuwa gari zima. Yeye alitoa karatasi yake usiku ule ule akaisoma chini ya taa, akakuta ameandikiwa vile vile. Kesho yake asubuhi alikwenda kubadilisha. Na watu hawapandishi nyuma juu ya magunia, hata wakimsihi, hata akiwa mwenye magunia mwenyewe. Mama hukaa mbele au hupanda matatu wakakutana Kibuye.

Siku hizi si lazima wakutane. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka wa 2007, dereva ndiye aliyekuwa benki. Alirudi usiku na bahasha sita, saba, kila moja na jina, amezificha chini ya kiti, moyo ukimdunda kila alipomulikiwa taa na gari la nyuma. Sasa mnunuzi anamtumia mama pesa moja kwa moja, na nauli ya gunia inamfikia dereva kwenye simu kabla hajafika Ahero.

Kilichobaki kigumu ni mwezi. Omena huvuliwa gizani kwa taa, zamani karabai, sasa taa za sola, na mwezi ukiwa mpevu samaki hawavutiwi na taa. Wavuvi hupumzika wiki nzima na zaidi. Tena kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena husimamishwa ili samaki wazaliane. Mwanzoni miezi hiyo ilimrudisha kwenye kivuli cha sokoni. Sasa ana kalenda ya ukutani aliyoipaka rangi. Wiki za mbalamwezi huenda Kabondo kuchukua viazi vitamu vya akina mama wanaouza Oyugis na Kisumu. Kuanzia Aprili hubeba mahema, viti na masufuria ya mwenye kukodisha vyombo vya matanga: Alhamisi au Ijumaa anapeleka, Jumapili anakwenda kuchukua. Huku Ujaluoni marehemu hurudishwa nyumbani kuzikwa, na mazishi mengi huangukia Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo kazi hiyo ina siku zake kama omena ilivyo na zake. Bei walipatana ya mwezi mzima, si ya safari, na kwa kilomita zilizoandikwa.

Mwishoni mwa Julai iliyopita alikuwa akishusha viti karibu na Ziwa Simbi simu ilipolia. Alikuwa ni yule mama wa magunia manne, ambaye sasa hupeleka tisa.

"Nyathina, vijana wanashona nyavu. Kesho kutwa usiku wanaingia ziwani."

"Nimesikia, mama. Nikuwekee nafasi ngapi Alhamisi?"

"Anza na tano. Na ule uzi wangu umechujuka, tafuta mwingine mwekundu."

Alimaliza viti, akafunga mlango wa nyuma, akapita dukani kununua uzi.