Kibali kabla ya cheche: safari yangu ya kwanza Kigamboni

Mwanza nilikuwa fundi wa mageti, madirisha na matela ya trekta. Pipa la mafuta likiletwa kukatwa, mafundi wa mtaani hulikagua kwa pua: likinuka sana linasuuzwa, lisiponuka linakatwa. Basi mkandarasi mdogo wa Dar es Salaam aliponiita kubadilisha vishikizo vya bomba kwenye depo ya mafuta Kigamboni, niliona ni kazi ileile, tofauti mahali tu.

Nilisafiri usiku kwa basi hadi Dodoma, nikapanda treni ya SGR, na mchana nikawa kwenye pantoni ya Magogoni, begi la holda na glovu miguuni, nikiitazama bahari kwa mara ya kwanza. Matangi ya depo yalionekana meupe juu ya minazi. Getini mlinzi alizuia simu yangu na kiberiti. Fomeni, mzee mmoja wa Tanga, alinipokea kwa salamu ndefu, kisha akaniambia nikae kwenye benchi pamoja na wageni wengine. Siku hiyo hakuna aliyewasha kitu.

Somo lake lilikuwa kisa kimoja. Tarehe 5 Juni 2006, huko Raleigh, Mississippi, mafundi walikuwa wakiunga bomba kati ya matangi mawili ya mafuta ghafi. Tangi moja walilisuuza kwa maji, kisha wakaingiza ndani yake mwali wa gesi ya kuchomelea ili kuona kama limebaki na mvuke. Halikuwaka, wakaridhika. Lakini tangi la jirani, ambalo halikuwa limesafishwa, lilikuwa na bomba lililoachwa wazi hatua chache kutoka kwenye kazi. Mvuke uliotoka humo ulidaka moto. Watu watatu walikufa na wa nne akaumia vibaya.

"Mwanangu," mzee akanigeukia, "hao walikagua tangi lao. Lililowaua ni la jirani."

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwenye bomba. Lilikuwa la maji ya zimamoto, halina petroli hata tone, ila vishikizo vyake vilikuwa vimeliwa na chumvi. Tangi la petroli lilikuwa mbali, lakini kati yake na sisi ulipita mfereji wa maji machafu ya depo, na chemba yake ilikuwa mita tisa hivi kutoka mahali pa kuchomelea. Depo ile ilifuata kipimo cha mita 11: kila kinachoweza kuwaka ndani ya duara hilo kiondolewe, au kifunikwe kikishindikana kuondolewa. Nyasi kavu zilifyekwa, na chemba ikafunikwa kwa magunia mabichi na mchanga juu yake.

Mzee alianza kwa kuuliza kama kazi yenyewe ni lazima ifanyike pale. Vipande vya kukata na kutoboa vilipelekwa karakana, nje ya eneo la hatari, na vishikizo vingine vikafungwa kwa bolti. Vikabaki viwili tu visivyokwepa moto. Kibali kikaandikwa kwa hivyo viwili: mahali, kazi, majina yetu, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na si zaidi.

Kabla ya sahihi alikuja dada mmoja na kipima gesi kifuani. Kwanza alikipulizia gesi ya majaribio kutoka kwenye mtungi mdogo, ahakikishe kinalia. Kisha akasoma oksijeni: 20.9. Nilipouliza kwa nini aanze na oksijeni, alieleza kuwa kitambuzi cha aina ile huunguza gesi kidogo ndani yake ili kuipima, na pakikosekana oksijeni ya kutosha kitasoma chini, hata sifuri, ilhali gesi imejaa tele.

Mvuke wa petroli huanza kuweza kuwaka ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa. Kiwango hicho ndicho kioo cha kipimo hukiita 100 % LEL, na kengele yake hulia ikifika 10, yaani moja ya kumi tu ya njia. Pale petu kibali hakikutolewa ila kwa sifuri. Dada alipima usawa wa kifua: sifuri. Akainama, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa mabondeni. Alipima mfereji, kisha akaingiza mpira mwembamba wa kunyonyea hewa pembeni mwa gunia la chemba, akasubiri hewa ipande mpaka kwenye kitambuzi. Sifuri. Sahihi zikawekwa.

Waya wa athi niliagizwa kuubana kwenye kishikizo chenyewe, karibu na mshono, ili umeme usitafute njia ya kurudi kupitia mabomba ya watu na kutoa cheche nisikoona. Nyuma yangu alisimama kijana mlinzi wa moto, mpira wa maji ukiwa na presha na mtungi wa poda miguuni. Nilimwomba anishikie chuma, akakataa kwa adabu: "Samahani kaka, ukivaa ngao yako mimi ndiye macho." Kazi yake ni kutazama cheche zinakoangukia na kusimamisha kazi bila kumwomba mtu ruhusa.

Kishikizo cha kwanza kilikwisha kabla ya chakula. Tuliporudi, dada alipima upya, maana mapumziko huvunja uhakika wa asubuhi. Kifuani sifuri. Magotini sifuri. Pembeni mwa gunia, ambalo jua lilikuwa limelikausha upande mmoja, kengele ililia: 14.

Mzee alichukua kibali na kuandika kimesitishwa. Ilichukua simu moja ya redio kupata jibu. Wakati tunakula, vijana wa upande wa pili walikuwa wakitoa maji yaliyotuama chini ya tangi la petroli. Maji hayo yaliingia mferejini na petroli kidogo, na mvuke wake ukasafiri ndani ya bomba la chini ya ardhi hadi kwetu. Wao hawakukosea kazi yao, wala sisi yetu. Ila kazi zile mbili hazikupaswa kwenda pamoja. Valvu ya tangi ilifungwa na kutiwa kufuli, mfereji ukasukumwa kwa maji mengi hadi kwenye kitenganishi cha mafuta, magunia yakalowekwa tena. Kipimo kiliporudi sifuri, na kubaki sifuri, kibali kikaruhusiwa upya kwa sharti moja lililoandikwa: ufunguo wa kufuli ukae na mzee mpaka tumalize.

Nilifunga mshono wa mwisho saa 9 alasiri na kuanza kukusanya nyaya. Kijana hakuondoka. Alitakiwa kukaa saa nzima baada ya cheche ya mwisho, akizunguka na kugusa kwa mgongo wa mkono. Kama dakika 25 baadaye aliita. Chini ya bomba kulikuwa na gogo la kuliegemeza, na kipande cha slagi kilikuwa kimetumbukia kwenye ufa wake. Hapakuwa na mwali, ni uzi wa moshi na harufu ya mti. Alilimwagia maji, akalipindua, akamwaga tena, kisha akaanza kuhesabu saa yake upya. Mafundi wangalikuwa wameshaoga.

Kibali kilifungwa baada ya saa hiyo kutimia. Siku iliyofuata kulikuwa na mshono mdogo wa kurekebisha kwenye kishikizo kilekile. Nilimuuliza mzee kama karatasi ya jana haitatosha. Alinipa fomu tupu na kalamu, akamwita dada wa kipimo.