Pakiti Tatu za Dawa Mseto

Mtumbwi wa injini ulitumia saa mbili na nusu kutufikisha kisiwani. Nilikuwa karani wa kituo cha afya kwa mwaka wa tatu, na zahanati ile nilikuwa naijua kwa mstari wake tu kwenye dashibodi yangu. Mapajani nilipakata boksi la vitabu vya MTUHA nililolifunika nailoni, maji ya Ziwa Victoria yakiturukia.

Dashibodi niliitengeneza mwenyewe. Kila Jumatatu zahanati ziliandika kwenye jedwali la pamoja salio la dawa mseto ya watoto wadogo, pakiti ya vidonge 6 ikiwa dozi moja, nayo ikajisomea:

```
=IF(B2>=20,"KIJANI","NYEKUNDU")
```

Kisiwa kile kilishuka 26, 17, 9. Nikaandika maombi ya dawa. Jumatatu iliyofuata nikakuta 288, rangi kijani. Niliamini dawa zimefika, nikayafuta maombi. Hadi siku ya safari salio lilikuwa 72, bado kijani.

Mganga mfawidhi alinipokea ufukweni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Dawa umetuletea?"

"Nimeleta vitabu. Dawa si mnazo, 72?"

Akanipeleka stoo, akafungua kabati. Mlikuwa na pakiti tatu za watu wazima, kila moja vidonge 24.

"Hizo ndizo 72," alisema. "Vidonge."

Pakiti za watoto zilimwishia wiki ileile ya 9. Alibakiwa na pakiti 12 za wakubwa, na kidonge ni kilekile: mtoto wa kilo 5 hadi 14 humeza kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku tatu. Kwa hiyo alikata kila pakiti vipande vinne. Pakiti iliyokatwa huwezi kuihesabu kama pakiti, akaanza kuhesabu vidonge, na kwenye leja yake akaandika hivyo wazi. Jedwali langu ndilo halikuwa na pa kuliandika neno hilo. Hadi leo naona alifanya sawasawa.

Nilikaa kwenye benchi nikafungua simu. 288, 240, 186, 132, 72: zote zinagawanyika kwa 6. Tena salio lilipanda kutoka 9 hadi 288 ilhali safu ya dawa zilizopokelewa ilikuwa na sifuri. Salio la mwanzo, ongeza zilizopokelewa, toa zilizotumika; hesabu hiyo ingenishtua wiki ya kwanza, lakini sikuwahi kuiweka. Nilikuwa nikitazama rangi.

Tulipanda mwambani kutafuta mtandao, nikarudisha maombi, safari hii nikiandika "dozi" mbele ya namba. Boti ingekuja baada ya siku tatu.

Tuliposhuka, barazani alikaa mama na mtoto aliyechemka homa. Kipimo kilitoa mistari miwili. Mganga alichukua mkasi, akakata vidonge sita, akamwelekeza mama kwa utulivu, kisha akanigeukia.

"Andika, mwanangu. Dozi kumi na moja."