Matoazi Yanapochuja Katikati ya Wimbo
Wimbo unapiga fresh, ghafla matoazi yanachuja kama yamefunikwa blanketi. Washkaji zangu hulaumu earphone. Mimi nawatetea wauzaji: mara nyingi ni mtandao.

Wimbo hauji mzima. Umekatwa vipande, tuseme vya sekunde 10, na kila kipande kimewekwa kwenye seva kwa nakala nzito na nyepesi. Simu inaangalia kipande kilichopita kimetumia muda gani kufika, ndo inachagua nakala ya kinachofuata.

Chukua nakala ya kilobiti 256 kwa sekunde. Kipande kimoja ni kilobiti 2,560. Mtandao ukishuka hadi kilobiti 100 kwa sekunde, kitafika baada ya sekunde 26 hivi, wakati wewe unakisikiliza kwa 10 tu. Akiba ikiisha, wimbo unaganda. Nakala ya kilobiti 64 inafika kwa sekunde 6 na ushee, kwa hiyo simu inahamia huko.

Ila vipande vizito vilivyokwisha kuingia vinapigwa kwanza. Ndo maana nikiwa kwenye mwendokasi mtandao unazingua Magomeni, halafu sikio langu linapata habari tukiwa Jangwani, ambako labda mtandao umesharudi.