"Mbona Waafrika Tu?": Nani Hasa Amekosea Mantiki?

Kila ninapofundisha mantiki, mjadala kuhusu Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) haukosi kuzuka darasani. Mmoja husema: "Mahakama hii inawaandama Waafrika tu." Mwenzake hudakia: "Hilo ni kosa la kimantiki! Ubaya wa mwingine ambaye hajashtakiwa haumfanyi mshtakiwa awe mwema." Darasa hushangilia, na mjadala huhesabiwa kuwa umekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipopaswa kuanza.

Sentensi moja haiwezi kuwa kosa la kimantiki. Kosa hukaa katika daraja linaloiunganisha sentensi na hitimisho lake. Kwa hiyo, kabla ya kumtuhumu mtu, ni lazima tumwulize: "Kwa hiyo nini?" Tuichukue kesi ya Kenya, kwa sababu ndiyo iliyoufanya mjadala huu kuwa mkali.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100. Mwaka 2010 majaji wa Hague walimruhusu Mwendesha Mashtaka kuchunguza, na baadaye Wakenya sita wakaitwa mahakamani. Tuseme mtetezi wao alijibu: "Mbona viongozi wa mataifa makubwa hawashtakiwi? Kwa hiyo hawa hawana kesi ya kujibu." Hapo tuhuma ya kosa la kimantiki ni ya haki kabisa. Aliyechomewa nyumba Eldoret au Naivasha hapungukiwi na dai lake kwa kuwa mhanga wa nchi nyingine hakusikilizwa.

Lakini tuseme mtu mwingine alisema: "Mahakama inawaandama Waafrika tu, kwa hiyo haitumii sheria kwa usawa." Maneno ya mwanzo ni yale yale, ila hitimisho ni jingine. Huyu hazungumzii hatia ya mshtakiwa. Anazungumzia mwenendo wa mahakama, na ushahidi wa ubaguzi hupatikana kwa kulinganisha waliochaguliwa na walioachwa. Anayemjibu kwa kusema kwamba kosa la mwingine halimtakasi mshtakiwa anajibu hoja ambayo haikutolewa. Kumzushia mpinzani hoja dhaifu kisha kuishinda hiyo ni kosa la kimantiki, na safari hii aliyelitenda ni yule yule aliyenyoosha kidole.

Hoja hii ya pili haipati ushindi wa bure, hata hivyo. Inastahili kupimwa kwa ukweli. Hadi mwishoni mwa 2015, uchunguzi rasmi wote wa mahakama hiyo ulihusu nchi nane, na zote ni za Afrika. Ule wa Georgia uliruhusiwa Januari 2016. Mlalamikaji ana msingi. Lakini Uganda, Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Mali zilipeleka mashauri yao zenyewe, na Côte d'Ivoire ilikuwa imeyakubali mamlaka ya mahakama. Ukweli huo unadhoofisha dai kwamba Hague ndiyo iliyotuwinda. Zilizosalia, ukiitoa Kenya, ni Darfur ya Sudan na Libya, ambazo zilipelekwa na Baraza la Usalama. Huko watatu kati ya wajumbe watano wenye kura ya turufu, yaani Marekani, Urusi na China, si wanachama wa mahakama hiyo. Hapo lalamiko linapata nguvu mpya, ila linahamia kwa mlengwa mwingine: si jaji tena, bali mlango ambao baadhi ya kesi hupitia.

Kuna mtego wa tatu, nao huwanasa hasa wale waliotuhumu kwa usahihi. Wakishathibitisha kwamba utetezi ulikuwa potofu, huruka na kusema: "Basi washtakiwa wana hatia." Utetezi mbovu hauthibitishi mashtaka, huthibitisha tu kwamba utetezi huo haufai. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014 kwa upungufu wa ushahidi. Kesi ya William Ruto na Joshua Sang ilisitishwa Aprili 2016, bila hukumu ya hatia wala ya kutokuwa na hatia. Hakuna kati ya mambo hayo lililoamuliwa na ubora wa kaulimbiu za majukwaani.

Ndiyo maana huwataka wanafunzi wangu, kabla ya kutamka jina la kosa lolote, waandike hitimisho la mpinzani kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyakubali. Asiyeweza kuliandika bado hajui anatuhumu nini. Na akishaliandika, mara nyingi hugundua kwamba swali lililobaki si la mantiki tena, bali la ushahidi: nani aliipeleka kesi, kupitia mlango upi, na wahanga wamepata nini.