Picha ilikuwepo, telefone ndiyo haikuifungua

Sisi vijana wa grupu letu la WhatsApp tumegawanyika. Wengine tunasoma Gitega, wengine tuko kambini Kinama, kule Gasorwe, Muyinga. Mwezi uliopita mmoja wetu wa Gitega alipiga picha karatasi ya majina ya waliochaguliwa kwa mafunzo ya ushonaji, akaitupa kwenye grupu. Hakuandika kitu. Yeye aliiona vizuri, akafikiri wote tumeiona.

Kinama wengi waliona kiboksi chenye ukungu tu, na kamshale kadogo ka kushuka. Dada yetu mmoja, jina lake lilikuwa pale namba ya nne, alijua siku tatu baadaye. Nafasi ilishapewa mtu mwingine.

Tulipokutana tuliweka telefone zote mezani, tukagusa ile picha kwenye kila moja. Hapo ndipo tulielewa kuna magonjwa mawili yenye sura moja.

Telefone za kwanza, ukigusa mshale, picha inafunguka. Hizo hazina shida. Mwenyewe au aliyemuuzia alizima upakuaji wa otomatiki ili kulinda mega. Unaingia Paramètres, halafu Stockage et données. Pale kwenye data ya simu unawasha Photos peke yake. Video na audio ziache zimezimwa, kwa sababu video moja inaweza kumeza mega za picha nyingi sana.

Telefone ya dada ilikuwa ya aina ya pili. Aligusa, ikaandika kwamba nafasi haitoshi. Alishangaa, maana jana yake alikuwa amefuta video karibu arobaini kwenye galeri! Tukafungua Corbeille ya galeri: zote zimelala mle. Vitu vilivyofutwa vinaweza kukaa humo hata siku 30, na muda wote huo vinakula nafasi ileile. Tulipoimwaga Corbeille ndipo telefone ikapumua. Kisha tukarudi Stockage et données, tukagusa Gérer le stockage, ambako WhatsApp yenyewe inakuonyesha mafaili yanayopita mega 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Tulianza na hayo. Picha za marehemu baba yake hatukuzigusa, tulizituma kwanza kwenye telefone ya kaka yake.

Tahadhari moja: picha usiyoipakua haikungoji milele. Ikikaa sana, mshale unagoma na unaambiwa umwombe aliyetuma airudishe. Naye akiwa ameifuta kwake, basi imeisha.

Sasa kwenye grupu tumekubaliana: ukituma picha ya tangazo, andika chini yake majina, siku na saa. Maandishi yanafika hata kwa asiyewasha chochote. Ndugu zetu wa mashirika mlioko humu, na nyinyi pia tunawaomba hivyo hivyo.